Kupanga Upya Maandishi ya Daktari: Kutoka Simulizi Hadi Maelezo, Uchunguzi, Tathmini na Mpango

Madaktari wengi wa Tanzania huandika kuhusu mgonjwa kama mtu anavyosimulia kisa. Sentensi ya kwanza humtaja mgonjwa, ya pili humweleza aliyemleta, kisha dalili, vipimo, mawazo ya daktari na dawa hufuatana kwa kadiri zilivyomjia mwandishi. Simulizi ya namna hii huandikwa upesi, na aliyeiandika huielewa bila taabu. Shida humkuta msomaji wa pili: daktari wa zamu ya usiku, muuguzi wa wodi, au tabibu wa hospitali anakopelekwa mgonjwa kwa rufaa. Huyo hawezi kujua kwa hakika ni lipi lililosemwa, ni lipi lililopimwa, na ni lipi lililodhaniwa tu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga upya simulizi hiyo katika sehemu nne, ambazo wanafunzi wa udaktari huzijua kwa herufi nne za Kiingereza, S, O, A na P. Kwa Kiswahili tutaziita Maelezo, Uchunguzi, Tathmini na Mpango. (Herufi hizo zikisomwa pamoja huwa ni neno la Kiingereza la sabuni, na nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutosahaulika kwake.) Tutatumia mfano mmoja tu na kuufuata hadi mwisho. Mtoto wa mfano huu si mgonjwa halisi. Ameundwa kutokana na aina ya visa ambavyo daktari yeyote wa watoto katika mkoa wa Ruvuma, wenye malaria nyingi, atavitambua mara moja.

Haya ndiyo maandishi ya mapokezi kama yalivyo, yakiwa yamegeuzwa kutoka Kiingereza cha hospitali:

"Mtoto wa kiume, miaka 4, ameletwa na bibi yake kutoka zahanati ya kijijini, Songea Vijijini, kwa malaria isiyopona. Ana homa kwa siku 6 na amepungukiwa damu. Alipimwa malaria ikaonekana, akapewa dawa mseto, hakupata nafuu. Anakohoa na kupumua kwa shida. Hali vizuri ila anakunywa. Hajapata degedege. Joto 38.9, kifua kina sauti, wengu haushikiki. Kipimo cha haraka kimerudiwa hapa na bado kinaonyesha malaria. Wingi wa damu 9.2. Alazwe, aanzishiwe sindano ya atesuneti, apewe dawa ya kushusha joto, aangaliwe."

Maandishi haya si mabaya. Yana mambo mengi ya kweli, na aliyeyaandika alimgusa mgonjwa wake. Hata hivyo yasome tena uone jinsi neno "malaria" linavyosafiri ndani yake. Linaanza kama sababu ya kuletwa hospitali, linarudi kama habari ya zamani, linathibitishwa na kipimo, kisha linatoa dawa. Hakuna mahali ambapo mwandishi alisimama akasema: nadhani ni malaria, kwa sababu hizi. Utambuzi wa ugonjwa uliingia kwenye mstari wa kwanza kabla ya uchunguzi wowote, na kila kilichofuata kikajipanga nyuma yake.

Kazi ya kupanga upya huanza kwa penseli. Chukua kila kipande cha habari ujiulize swali moja: hili limetoka wapi? Likiwa limetoka kinywani mwa mgonjwa au mlezi wake, ni la Maelezo. Likiwa limeonekana, limeshikwa, limesikiwa au limepimwa na mhudumu wa afya, ni la Uchunguzi. Likiwa ni hukumu ya daktari kuhusu maana ya hayo mawili, ni la Tathmini. Likiwa ni jambo la kutenda, ni la Mpango. Swali hilo ni jepesi kwa "joto 38.9", lakini si jepesi kwa "amepungukiwa damu". Je, ni bibi aliyesema kwamba mtoto amekuwa mweupe? Ni daktari aliyetazama viganja? Au ni namba 9.2 iliyoandikwa mistari minne baadaye? Kila mojawapo ina uzito wake. Katika simulizi zote tatu zimekuwa kauli moja.

Tuanze na Maelezo. Hapa Kiswahili kina mchango ambao vitabu vya kigeni haviwezi kuufundisha. Bibi anapomwambia daktari, "Mjukuu wangu ana homa," anaweza kumaanisha kwamba mwili ni wa moto. Anaweza kumaanisha kwamba mtoto hajisikii vizuri. Tena kwa watu wengi wa vijijini homa ni jina jingine la malaria yenyewe. Daktari anayeandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya joto la mwili amekwisha kuchagua maana moja kati ya tatu, na msomaji wa pili hataijua hiari hiyo. Ndivyo ilivyo kwa "kichomi", ambacho mmoja hukitumia kwa maumivu ya ubavu na mwingine kwa nimonia. Ndivyo ilivyo pia kwa "degedege", "presha" na "moyo kwenda mbio". Ushauri wangu ni kwamba neno lenye maana zaidi ya moja liandikwe kama lilivyotamkwa, kwa Kiswahili na katika alama za kunukuu, hata kama maandishi mengine yote ni ya Kiingereza. Kisha daktari aulize swali la kulifafanua na kuandika jibu.

Katika mfano wetu, daktari wa wodi aliyeketi kuyapanga upya maandishi ya mapokezi alirudi kwa bibi na kumwamkia upya. Alimwuliza, "Bibi, unaposema homa, ulimgusa ukamwona wa moto?" Bibi akajibu, "Ndiyo, mwanangu, wa moto kabisa, hasa usiku. Lakini hiyo homa ya kwanza ilikwisha baada ya vidonge. Hii ya sasa imekuja na kifua." Katika sentensi hizo fupi kuna jambo ambalo halikuwamo katika simulizi. Ugonjwa ulikuwa na vipindi viwili. Joto lilianza siku ya kwanza. Siku ya pili mtoto alipelekwa zahanati na kupewa dawa mseto, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu. Bibi alivihesabu: vidonge sita, vyote vilimezwa, hakuna kilichotapikwa. Siku ya nne mtoto alicheza. Usiku wa kuamkia siku ya tano kikohozi kilianza, joto likarudi, na asubuhi bibi akaona "mbavu zinaingia ndani".

Linganisha na simulizi: "akapewa dawa mseto, hakupata nafuu". Si uongo wa makusudi. Ni matokeo ya kuufupisha muda. Ndiyo sababu sehemu ya Maelezo inapaswa kufuata mpangilio wa siku, na kila dalili iwe na siku yake ya kuanza. Watu wengine hudhani kwamba kugawa maandishi katika sehemu nne ni kuiua hadithi ya mgonjwa. Kinyume chake, hadithi inapewa chumba chake. Inachokosa ni ruhusa ya kuingia katika vyumba vya wengine.

Kabla ya kuondoka kwenye Maelezo, kuna swali ambalo walimu wenyewe hawakubaliani: habari iliyoandikwa kwingine iwekwe wapi? Bibi anasema mtoto alichanjwa chanjo zote. Hilo ni la Maelezo. Akiitoa kadi ya kliniki kwenye mkoba na daktari akaziona tarehe za chanjo, habari imebadilika hadhi, nami naiweka kwenye Uchunguzi pamoja na kutaja kwamba imetoka kwenye kadi. Vivyo hivyo kipimo cha kwanza cha malaria. Kama kinajulikana kwa kauli ya bibi tu, ni Maelezo. Kama barua ya rufaa ya zahanati inakitaja pamoja na tarehe, ni Uchunguzi. Wapo wanaoweka yote kwenye Maelezo kwa hoja kwamba yalitokea kabla. Mimi naona chanzo kina uzito kuliko wakati, maana daktari anayesoma anataka kujua anaweza kuegemea wapi.

Sasa Uchunguzi. Daktari wetu wa wodi alipohamisha vipande vilivyokuwa chini ya sehemu hii alipata vitano tu: joto, sauti za kifua, wengu, kipimo cha haraka na wingi wa damu. Karatasi ilimwonyesha mapengo waziwazi. Uzito haupo. Idadi ya pumzi haipo. Kiwango cha oksijeni hakipo. "Kifua kina sauti" haisemi ni sauti gani wala upande gani. Katika simulizi mapengo haya hayaonekani, kwa sababu aya iliyojaa maneno haiachi nafasi tupu ya kumshtua msomaji. "Kupumua kwa shida" ilikuwa imekalia kiti cha idadi ya pumzi, na hakuna aliyegundua kwamba hakuna aliyehesabu.

Hapa pana kanuni isiyo na mjadala. Anayepanga upya maandishi, yawe yake au ya mwenzake, haruhusiwi kuziba pengo kwa kukisia. Asiandike "kawaida" mahali ambapo hakuna aliyepima. Akiwa mbali na mgonjwa, kwa mfano anapoandaa muhtasari wa rufaa kutoka kwenye faili, aandike "haikuandikwa". Akiwa karibu na kitanda, aende akapime, na aandike saa aliyopima. Maandishi ya awali nayo hayachanwi wala kufutwa kwa wino mweupe. Faili ni kumbukumbu ya kisheria. Maandishi mapya huongezwa chini yake yakiwa na tarehe, saa, jina na sahihi yake, na kosa dhahiri hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha neno la awali lisomeke.

Daktari akaenda kitandani. Alisubiri mtoto atulie mapajani mwa bibi, akahesabu pumzi kwa dakika moja kamili: 54. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Ngozi ya chini ya mbavu ilizama ndani kila alipovuta pumzi. Kipima oksijeni cha kidoleni kilionyesha asilimia 88 bila oksijeni ya nyongeza. Mji wa Songea uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lakini mwinuko huo hautoshi kueleza namba kama hiyo. Chini ya asilimia 90 mtoto anahitaji oksijeni. Stetoskopu ilileta sauti za kuchakacha chini ya pafu la kulia, nyuma. Uzito ulikuwa kilo 14. Viganja vilikuwa vimepauka kidogo. Mtoto aliitika jina lake na kunywa maji mbele ya daktari.

Sehemu ya tatu, Tathmini, ndiyo ambayo simulizi huificha zaidi. Wengi wanapojaribu mfumo huu kwa mara ya kwanza huandika hapa neno moja, "malaria", kana kwamba ni kisanduku cha kujaza. Tathmini ni hoja. Inataja tatizo, inataja ushahidi wa kuunga mkono na wa kupinga uliokwisha kuandikwa hapo juu, na inataja kinachobaki bila kujulikana. Jaribio rahisi la ubora wake ni hili: je, kila sababu iliyotajwa kwenye Tathmini inapatikana kwenye Maelezo au Uchunguzi? Kama sivyo, aidha kuna jambo lililosahauliwa kuandikwa, au kuna jambo lililobuniwa.

Kwa mtoto wetu, hoja inazunguka kipimo cha haraka cha malaria. Vipimo vingi vya aina hii vinavyotumika kwetu hutambua protini inayotolewa na vimelea vya malaria, si vimelea vyenyewe. Protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na pengine zaidi ya mwezi. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dawa siku mbili zilizopita ana kila sababu ya kuonyesha mstari wa pili kwenye kipimo hata kama amepona malaria kabisa. Kipimo kilichorudiwa mapokezi hakikuongeza habari yoyote. Kinachoweza kutenganisha ni tone la damu chini ya hadubini, ambalo huonyesha vimelea vyenyewe na wingi wake. Simulizi ilisema "bado kinaonyesha malaria", na neno "bado" lilibeba mzigo wa hoja nzima bila mtu kuukagua.

Maandishi mapya yakawa hivi:

Maelezo. Mtoawa habari ni bibi, anayeishi na mtoto. Siku ya 1: "homa", yaani mwili wa moto kwa kugusa. Siku ya 2: zahanati, "akapimwa malaria ikaonekana", dawa mseto, vidonge 6 kwa siku tatu, vyote vimemezwa bila kutapika. Siku ya 4: joto limeisha, alicheza. Usiku wa kuamkia siku ya 5: kikohozi, joto limerudi. Siku ya 5 asubuhi: "mbavu zinaingia ndani". Siku ya 6, leo: anakula kidogo, anakunywa. Hajapata degedege. Nyumbani hakuna anayekohoa kwa muda mrefu. Mama yuko mbali. Hali yake ya maambukizi ya VVU bibi haijui.

Uchunguzi, saa 9:40 alasiri. Uzito kilo 14. Joto la kwapani 38.9 (mapokezi). Pumzi 54 kwa dakika akiwa ametulia. Oksijeni asilimia 88 bila nyongeza. Kifua kinazama chini ya mbavu. Sauti za kuchakacha chini ya pafu la kulia, nyuma. Fahamu kamili, anakunywa. Viganja vimepauka kidogo. Wengu haushikiki. Kadi ya kliniki: chanjo zimekamilika. Barua ya rufaa: kipimo cha haraka chanya siku ya 2. Hapa: kipimo cha haraka chanya, himoglobini gramu 9.2 kwa desilita. Hadubini: haijafanyika.

Tathmini. 1. Nimonia kali: kikohozi kipya, pumzi za haraka, kifua kuzama, oksijeni chini ya 90, sauti za upande mmoja. 2. Malaria iliyotibiwa: dozi kamili na nafuu siku ya 4, kipimo chanya cha leo kinaweza kuwa mabaki. Kushindwa kwa dawa hakujaondolewa hadi hadubini. 3. Upungufu wa damu wa kadiri, huenda kutokana na malaria ya wiki hii; hauhitaji kuongezewa damu kwa sasa.

Mpango. 1. Oksijeni kwa mirija ya puani, lita 1 hadi 2 kwa dakika, lengo asilimia 90 au zaidi. Ampisilini miligramu 700 kila baada ya saa 6 na jentamaisini miligramu 105 mara moja kwa siku. Kipimo cha VVU kwa idhini ya mlezi. Pumzi na oksijeni zipimwe kila baada ya saa 4. Daktari aitwe ikiwa oksijeni itashuka chini ya 90 akiwa kwenye mirija, akishindwa kunywa au akisinzia kupita kiasi. 2. Hadubini sasa, jibu ndani ya saa moja. Vimelea vikionekana, au jibu lisipopatikana kwa muda huo, atesuneti miligramu 42 ianze. 3. Himoglobini irudiwe kesho kutwa. Parasetamoli miligramu 210 joto likizidi 38.5.

Msomaji ataona kwamba namba moja, mbili na tatu za Mpango zinarudia namba moja, mbili na tatu za Tathmini. Hilo ndilo wazo la asili la mfumo huu, nalo limesahauliwa mahali pengi. Lawrence Weed, tabibu wa Marekani aliyeueneza kwa makala yake ya mwaka 1968 katika jarida la New England Journal of Medicine, hakukusudia tu kuipa karatasi vichwa vinne. Alitaka faili lizunguke matatizo ya mgonjwa: orodha ya matatizo mwanzoni mwa faili, yakiwa na namba, na kila andiko la kila siku liseme linahusu tatizo namba ngapi. Vichwa vinne vilikuwa namna ya kuandika kuhusu kila tatizo. Hospitali nyingi duniani zilichukua vichwa zikaacha orodha. Matokeo yake ni Mpango wenye dawa nane ambazo hakuna ajuaye ipi ni ya nini, na dawa isiyojulikana ni ya nini hakuna anayethubutu kuisimamisha.

Tazama pia jinsi kipengele cha pili cha Mpango kilivyoandikwa. Hakisemi tu kwamba atesuneti isitolewe. Mtoto anayepumua kwa shida na mwenye kipimo chanya hawezi kuachwa bila dawa ya malaria usiku kucha eti mtaalamu wa maabara hayupo. Katika hali hiyo magonjwa yote mawili hutibiwa kwa pamoja. Tathmini iliyokiri kwamba haijui ndiyo iliyouwezesha Mpango kuwa na sharti na muda. Kauli ya "aangaliwe" iliyokuwa kwenye simulizi haimwambii muuguzi aangalie nini, kila baada ya muda gani, na amwite daktari lini.

Hadubini ikarudi bila vimelea, wingi wa chembe nyeupe za damu ukiwa juu. Andiko la asubuhi ya siku ya pili wodini likawa fupi: bibi anasema mtoto amekunywa uji kikombe kizima, pumzi 46, oksijeni 95 kwa lita 1, joto 37.8, nimonia inaitikia dawa, malaria ya sasa haina ushahidi, endelea na dawa za tatizo la 1, jaribu kupunguza oksijeni mchana, funga tatizo la 2. Mistari mitano ilitosha kwa sababu andiko la kwanza lilikuwa limejengwa vizuri.

Kuna dalili ambazo humwambia mkaguzi wa faili kwamba mfumo umebaki jina tu. Ya kwanza ni Uchunguzi unaofanana siku nne mfululizo. Hakuna mtoto ambaye pumzi zake ni 46 kila asubuhi. Mtu amenakili andiko la jana. Katika vituo vilivyohamia kwenye kompyuta, kwa mfumo wa GoTHOMIS au mwingineo, kunakili ni rahisi kuliko kwenye karatasi, na kosa lililonakiliwa hupata heshima ya kurudiwa. Dalili nyingine ni utambuzi wa ugonjwa kujipenyeza kwenye Maelezo, kama ile "malaria isiyopona" ya mstari wa kwanza. Ikiwa bibi ndiye aliyeitaja malaria, ziandikwe alama za kunukuu. Nyingine tena ni neno "endelea" likiwa peke yake kwenye Mpango, bila kutaja ni siku ya ngapi ya dawa kati ya ngapi.

Mfumo una mipaka yake. Kwa mgonjwa anayefufuliwa mapokezi hakuna wakati wa vichwa. Dakika na matendo huandikwa kwa mfuatano, na kupanga hufanywa baadaye. Kwa ugonjwa wa akili, mpaka kati ya kinachosemwa na kinachoonekana ni mwembamba, kwa kuwa namna mgonjwa anavyosema ni sehemu ya uchunguzi. Kwa mgonjwa wa muda mrefu mwenye kisukari, shinikizo la damu na jeraha la mguu, andiko linaloanza na Maelezo marefu humlazimu daktari kusoma kurasa mbili kabla ya kufika kwenye uamuzi. Ndiyo maana wengine hugeuza mpangilio na kuanza na Tathmini na Mpango. Sina ugomvi nao, mradi sehemu nyingine mbili ziwepo chini na mtu aweze kuzikagua.

Mtoto alipotolewa, ile ile Tathmini ya tatizo la 2 ilihamia kwenye barua ya kurudi zahanati. Barua ilisema kwamba alitibiwa nimonia kali, kwamba hadubini haikuonyesha vimelea, na kwamba kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa. Ikamwomba mganga wa zahanati kwamba mtoto akirudi na joto ndani ya muda huo, pumzi zake zihesabiwe kwa dakika nzima, na sampuli ya damu ipelekwe kituo cha jirani chenye hadubini.